Mhusika Anaponyamaza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuandika Onyesho la Kimya

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma rasimu za hadithi za waandishi wenzangu hapa Kigoma, na wachache wanaoniletea za kwao kutoka Tabora. Onyesho linalowasumbua wengi ni lile ambalo mtu mmoja anasema na mwingine hasemi. Nimeyakusanya hapa maswali yanayonirudia. Ili tusirukeruke, mifano mingi nimeitoa katika onyesho moja: Sada anarudi kutoka Tabora na kumkuta mama yake ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, akianika dagaa. Baba amekwisha kuzikwa. Sada hakuwepo.

Mhusika wangu amenyamaza kurasa mbili nzima, lakini wasomaji wanasema hakuna kinachotokea. Kosa liko wapi?

Mara nyingi kosa ni kwamba hakuna aliyemdai neno. Mtu aliyekaa peke yake ufukweni akitazama ziwa hajanyamaza. Amepumzika. Ananyamaza pale tu neno linapotakiwa kutoka kinywani mwake, kila mtu akajua linatakiwa, nalo lisitoke.

Kiswahili kimetupa madeni ya namna hiyo bila ya sisi kuyatafuta. Shikamoo inadai marahaba. Hodi inadai karibu. Mtu akiitwa jina lake, anadaiwa "abee" au "naam". Msomaji wako amelelewa ndani ya madeni haya, kwa hiyo ukiandika shikamoo kisha mstari unaofuata usiwe na marahaba, moyo wake unashtuka kabla hujamweleza lolote. Huhitaji kuandika kwamba mama alikaa kimya. Andika salamu, halafu andika kitu kingine ambacho si jibu lake.

Mwenzangu mmoja aliandika juu ya kijana aliyekwenda kwa mdeni wake, mtaa wa Isevya, Tabora. Rasimu yake ilisema: "Alibisha hodi lakini ndani kulikuwa kimya kabisa." Tulipoifanyia kazi ikawa hivi: "Alibisha hodi mara tatu, kwa utaratibu. Ya tatu ilipotoka, redio ndani ikapunguzwa sauti." Angalia tofauti. Katika ile ya kwanza huenda nyumbani hapakuwa na mtu. Katika ya pili mtu yupo, amesikia, na ameamua. Kimya cha kweli kina mtu ndani yake anayekifanya.

Msomaji atajuaje kile ambacho mhusika hasemi?

Lazima ajue kabla. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwandishi alishike, kwa sababu ndilo linaloamua yote. Onyesho la kimya halianzii pale mtu anapofunga mdomo, linaanza kurasa tano au kumi nyuma, unapompa msomaji kitu kidogo akiweke mfukoni bila kujua kitamfaa wapi.

Katika hadithi ya Sada, kitu hicho ni sentensi mbili. Kigoma ni mwisho wa reli, na honi ya treni husikika mbali mjini. Siku za ugonjwa wa baba, kila jioni aliuliza, "Treni imeingia?" Mama alijibu, "Bado." Hata siku ambazo treni ilikuwa imeingia tangu asubuhi, alijibu, "Bado." Basi. Msimulizi haelezi kwamba mzee alikuwa akimngoja binti yake. Msomaji anaelewa mwenyewe, kisha hadithi inasonga mbele kwenye mambo ya dawa na ya ndugu waliokuja kusaidia.

Sasa siku Sada anapofika na kusema, kwa njia ya kujitetea tu, "Treni ilichelewa," neno "treni" linamwangukia mama na msomaji kwa wakati mmoja. Sada peke yake ndiye asiyejua alichokigusa. Hapo mama hahitaji kusema kitu, wala msimulizi. Ukimwekea msomaji kitu hicho mapema, mkono wa mama ukisimama kidogo tu unatosha. Usipomwekea, utalazimika kueleza, na ukieleza kimya kimekwisha.

Kitu unachokiweka kiwe kimoja, au viwili kwa wingi. Kiwe kitu kinachotajika kwa neno moja ambalo linaweza kujitokeza kwenye mazungumzo ya kawaida: treni, ufunguo, jina la mtoto. Hisia haziwekeki mfukoni. "Baba alimpenda sana Sada" ni taarifa, na taarifa haiwezi kumponyoka mtu mdomoni kwa bahati mbaya.

Tuonyeshe onyesho lenyewe, kabla na baada ya kurekebishwa.

Hii ni rasimu ya kwanza, ya aina ninayoipokea mara kwa mara:

> Sada alimfikia mama yake akamwamkia. Mama alikaa kimya. Kimya kizito kikatanda kati yao. Sada akamwomba msamaha kwa kukosa maziko. Mama akatikisa kichwa, akauma midomo, akatazama ziwa kwa mbali huku machozi yakimlengalenga, kwa maana alikuwa na uchungu mwingi moyoni. Sada akaanza kulia kwa kwikwi. Kimya kikaendelea.

Hakuna sentensi yenye kosa la lugha hapo. Lakini isome tena na ujiulize umemwona nani. Mama huyu anaweza kuwa mama yeyote, mahali popote palipo na maji. Neno kimya limetajwa mara tatu. Uchungu umeelezwa. Mwili wa mama umepewa ishara nne mfululizo ambazo hazihusiani na alichokuwa akikifanya kabla Sada hajafika.

Na hii ndiyo iliyobaki baada ya kuandikwa upya mara kadhaa:

> "Shikamoo, mama."
>
> Mama Sada alikuwa ameinama juu ya chanja, akigeuza dagaa kwa viganja viwili. Aligeuza mpaka mwisho wa chanja ile, akahamia ya pili.
>
> "Shikamoo."
>
> "Marahaba, mwanangu," aliitikia jirani wa chanja ya tatu. "Umeingia lini?"
>
> "Leo. Treni ilichelewa, tukalala njiani."
>
> Viganja vya mama vilisimama. Dagaa wachache waliponyoka katikati ya vidole, wakaanguka mchangani. Aliwaokota mmoja mmoja, akawapuliza, akawarudisha kwenye chanja. Jirani alichukua beseni lake, akaenda kutafuta kitu majini.
>
> "Simu niliuza, mama. Mwezi wa tatu niliiuza. Sikuwa hata na..."
>
> Mama alikaza kamba ya chanja iliyokuwa imekazika tayari.
>
> "Ningejua ningekuja hata kwa miguu."
>
> Upepo ulikuwa umegeuka. Ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa ikifutika mmoja baada ya mwingine. Mama alikunjua turubai mchangani, akashika pembe mbili. Pembe mbili nyingine zilikuwa zikipigwa na upepo, upande aliosimama Sada.
>
> "Anua," mama alisema. "Mvua."

Sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inatokana na mistari hii, kwa hiyo iweke karibu.

Kwa nini umemwongeza jirani? Si angebaki mama na binti tu?

Nilijaribu bila yeye. Shikamoo ya kwanza ilikosa jibu, ya pili ikakosa jibu, na hapo nikajikuta naandika "lakini mama hakuitikia", sentensi ambayo nilikuwa naikimbia. Jirani aliniokoa. Anapoitikia marahaba isiyo yake, nafasi iliyoachwa na mama inaonekana kwa umbo lake kamili, kama kiti kinachokaliwa na mtu asiyetarajiwa.

Tena ana kazi ya pili. Anapochukua beseni na kwenda kutafuta "kitu" majini, msomaji anajua kwamba pale chanjani pamekuwa hapakaliki. Ningeweza kuandika kwamba hali ilikuwa nzito. Mtu anayejitoa kwa adabu anasema hivyo hivyo, na anasema kama watu wa Kibirizi wanavyosema: kwa kuondoka.

Mtu wa tatu ni msaada mkubwa katika onyesho la kimya, lakini muondoe mapema. Akikaa mpaka mwisho atageuka mpatanishi, nawe utakuwa umeandika kikao cha ukoo.

Nitumie ishara gani za mwili? Naishiwa na "alitikisa kichwa" na "alishusha pumzi".

Unaishiwa kwa sababu unazitafuta kwenye uso. Zitafute kwenye kazi. Kabla hujaandika onyesho, mpe mhusika wako shughuli ya mikono ambayo wewe mwenyewe unaijua hatua kwa hatua, na iwe na saa yake. Kuanika dagaa ni shughuli nzuri kwa sababu ina mambo matatu. Ina mwendo unaojirudia, yaani kugeuza, ambao ukikatika unaonekana. Ina vitu vidogo vinavyoweza kuanguka na kuokotwa. Na ina adui anayekuja, yaani mvua, ambayo ikiwakuta dagaa hawajakauka wanaharibika na bei inaanguka. Mama hawezi kuacha kazi ili anune vizuri. Anabanwa na jua, nami pia nilibanwa nalo.

Ukishakuwa na shughuli, ishara zinakuja zenyewe, nazo ni za aina mbili tu. Ya kwanza ni kazi kukatika: viganja vinasimama. Ya pili ni kazi kufanywa bila sababu: kukaza kamba iliyokwisha kukazika. Aina hii ya pili naipenda zaidi, kwa sababu msomaji anaiona kamba, anaona haikuhitaji mkono, anajiuliza kwa nini, na anajijibu. Amefanya kazi ambayo mwandishi wa rasimu ya kwanza alimfanyia.

Ishara moja kwa kila deni inatosha. Angalia kwamba Sada anaposema jambo, mama anafanya jambo moja. Ukimpa mama ishara tatu kwa kauli moja, msomaji hajui aitazame ipi, na mama anaanza kuonekana kama anaigiza.

Kwetu binti hamtazami mzazi machoni, na mkwe hasemi ovyo mbele ya wakwe. Msomaji atajuaje kama kimya ni heshima au ni hasira?

Swali zuri sana, na ndilo linalotofautisha hadithi iliyoandikwa na mtu wa hapa na ile iliyokopa ishara kutoka sinema. Katika sinema nyingi, mtu asiyekutazama machoni anaficha kitu. Kwetu, binti anayeinamisha macho mbele ya mama yake anafanya anachopaswa kufanya. Ukiandika "Sada aliinamisha macho" ukitaka isomeke kama hatia, msomaji wa Ujiji ataisoma kama malezi mema.

Kwa hiyo jiulize kwanza: hapa, kwa watu hawa, kawaida ni nini? Kimya chenye maana ni kile kinachovunja kawaida hiyo. Waha wa huku kwetu Kigoma huamkiana kwa kirefu, mikono ikipigana makofi taratibu huku habari za nyumbani zikiulizwa na kujibiwa. Kwa watu wa namna hiyo, mtu anayeanza kupiga makofi halafu mikono ikasimama katikati ya salamu amesema jambo zito, na msomaji wa Kasulu atalisikia bila tafsiri. Msomaji wa mbali huenda asijue desturi hiyo, basi mwonyeshe mara moja, mapema, salamu ikienda vizuri kati ya watu wengine. Siku itakapokatika, ataijua.

Lugha yetu pia inatofautisha wanaonyamaza. Kuna anayenuna, kuna anayeona haya, kuna anayemstahi mkubwa, kuna aliyeduwaa, na kuna anayemeza neno ili asije akalijutia. Usiyaandike maneno hayo kwenye onyesho, lakini chagua moja kabla ya kuanza na ulikariri. Mimi nilipoanza niliamini mama amenuna, na onyesho likagoma. Aliyenuna hukupa mgongo na kukutupia vitu. Nilipoelewa kwamba anameza neno, kwamba akifungua mdomo litatoka lile la "baba yako alikuwa akiuliza treni" na hatalirudisha tena, mikono yake ikawa na adabu ghafla. Ndipo akaanza kuwaokota dagaa mmoja mmoja.

Kuna jambo lolote katika sarufi yenyewe linalosaidia?

Lipo, na halizungumzwi vya kutosha.

La kwanza ni -ka-. Kiambishi hiki ni gari moshi la masimulizi yetu: akaja, akakaa, akala, akaondoka. Kila kitendo kinavuta kinachofuata. Ukikitumia mfululizo katika onyesho la kimya, unakimbiza kile kile ulichotaka kikae. Soma: "Mama akasimama, dagaa wakaanguka, akawaokota, akawapuliza, akawarudisha, akakaza kamba." Yote yamekwenda kwa pumzi moja. Sasa linganisha na nilivyoandika: "Viganja vya mama vilisimama." Nukta. Kitendo kina -li-, kimesimama peke yake, na hakuna cha kukivuta. Mnyororo wa -ka- nimeurudisha kidogo kwenye kuokota dagaa, kwa kuwa hapo mikono imepata kazi tena. Kwa hiyo vunja mnyororo pale unapotaka msomaji asubiri, na uuache uende pale mhusika anapokimbilia kwenye kazi.

La pili ni tofauti ya "hakuitikia" na "alikuwa hajaitikia". Ya kwanza inafunga mlango: jambo limepita, hakuna jibu. Ya pili inauacha wazi, maana -ja- ina ndani yake "bado". Iwapo lazima umwambie msomaji kwamba jibu halikuja, chagua kwa makusudi. Katika rasimu moja niliandika: "Mama alikuwa hajaitikia, na chanja ya pili ilikuwa imekwisha." Niliikata baadaye kwa ajili ya jirani, lakini ilikuwa inafaa, kwa sababu ilipima kusubiri kwa chanja.

Vipi kuhusu nukta tatu? Naona wengine wanaandika "..." kuonyesha mtu amenyamaza.

Nukta za mdokezo ni za mtu aliyeanza kusema akaishia njiani. Ni za Sada: "Sikuwa hata na..." Alitaka kusema hela, au nauli, akaona aibu. Mtu ambaye hakuanza hana cha kudokeza. Mazungumzo yenye mstari mzima wa nukta, kana kwamba ni zamu ya mtu kusema, yananikumbusha ujumbe wa simu, na kwenye hadithi hayana uzito. Mdokezo mmoja katika onyesho zima unatosha.

Kimya kidumu kwa muda gani?

Usipime kwa dakika. "Baada ya dakika tano za ukimya" haimfanyi msomaji angoje hata nukta moja, maana ameisoma kwa sekunde mbili. Pima kwa kitu kinachoonekana kikienda: chanja mbili kugeuzwa, kivuli cha mtumbwi kufika kwenye beseni, sufuria kuchemka na kumwagikia mkaa. Muda unasikika pale msomaji anapokaa na kitu hicho kwa sentensi mbili tatu.

Kuhusu urefu wa onyesho lenyewe, hesabu madeni. Nimeona kwamba mama akidaiwa mara tatu au nne bila kulipa, msomaji anazidi kusogea mbele. Akidaiwa mara saba, msomaji anamchoka mama na kuanza kumwonea huruma anayedai, hata kama wewe hukutaka hivyo. Na madeni yasiwe ya uzito mmoja. Sada anaanza na salamu, anakwenda kwenye sababu, anamalizia na "ningekuja hata kwa miguu", ambayo si sababu tena. Kila mara anavua kinga moja. Kama angerudia "nisamehe mama" mara tatu, kimya cha mama kingebaki pale pale nacho.

Nina maoni makali kidogo hapa: katika onyesho la kimya, anayestahili kuandikwa kwa uangalifu zaidi ni yule anayesema. Maneno yake ndiyo yanayochonga umbo la kile kisichosemwa. Ukiona onyesho limelegea, usimwongezee aliyenyamaza ishara. Rudi kwa msemaji uone anasema nini.

Hadithi yangu ni ya nafsi ya kwanza, na aliyenyamaza ndiye msimulizi. Anawezaje kumficha msomaji anachokifikiri?

Asimfiche. Hapa ndipo waandishi wengi wanapopoteza imani ya msomaji: "Nilijua jambo ambalo sikuweza kumwambia," kisha kurasa ishirini bila kulitaja. Huo si ukimya wa mhusika, ni mwandishi anayeshikilia karata.

Njia iliyo safi ni kumwacha msomaji ajue yote, na kumnyima yule mwingine tu. Tuseme onyesho letu linasimuliwa na mama. Angeweza kuandika: "Aliposema treni nikahesabu dagaa waliokuwa mkononi mwangu. Walikuwa kumi na mmoja." Hasemi kwamba aliumia. Lakini msomaji anajua jioni zile za "Bado", na anamwona mama akikimbilia kwenye hesabu. Mtu akiwa na jambo asiloweza kulitazama, akili yake hushika kitu cha karibu na kukitazama kwa bidii. Andika kitu hicho cha karibu.

Na kanga? Si ingekuwa vizuri mama awe amejifunga kanga yenye ujumbe?

Kanga ni sauti halali ya mtu asiyesema, na mitaani inafanya kazi hiyo kweli. Mtu anaweza kumjibu jirani yake wiki nzima kwa jina la kanga. Lakini katika onyesho hili niliikataa. Ujumbe wa kanga ni maneno. Mama akivaa kanga inayosema juu ya uchungu wa mzazi, amesema, na amesema kwa usemi uliotungwa na mtu mwingine. Tena ili aivae ilibidi ajue Sada anakuja leo, naye hakujua.

Kanga inafaa pale ambapo aliyenyamaza amejiandaa, na ujumbe wake unakwenda kando ya jambo lenyewe, si juu yake. Kwa sababu hiyo hiyo naepuka methali za kimya ndani ya maonyesho ya kimya. Kila mwandishi anazijua, na kila msomaji akiziona anajua amefundishwa.

Naandika mchezo wa redio. Haya yanafaa?

Kwa sehemu. Redioni mikono haionekani, na sekunde chache za kimya kitupu zinamfanya msikilizaji adhani matangazo yamekatika. Kwa hiyo shughuli iwe na sauti, na sauti hiyo ndiyo isimame: kinu kinachotwangwa, cherehani, ndoo ikijazwa maji. Mtwango ukikatika baada ya neno "treni", kisha ukaanza tena kwa nguvu zaidi, msikilizaji amemwona mama.

Lazima mhusika aseme mwishoni?

Si lazima. Lakini ukimwacha bila neno, mpe tendo linaloelekea kwa mwenzake au linalomwacha. Turubai lina pembe nne, na mtu mmoja ana mikono miwili. Mama anaposhika pembe zake mbili, onyesho lingeweza kuishia hapo, na wapo waliosoma rasimu wakanishauri niishie hapo.

Mhusika akisema, aseme jambo dogo la kazi, na lisiwe lile neno lililokuwa likingojwa. Kosa linaloniumiza ninapolikuta ni la mwandishi aliyejenga kimya vizuri kwa ukurasa mzima, kisha mstari wa mwisho mama anapasuka: "Baba yako alikuuliza kila siku!" Papo hapo msomaji ananyang'anywa kitu alichokuwa amekibeba mwenyewe tangu kurasa za nyuma. Neno hilo linaweza kuja baadaye, katika sura nyingine, labda kwa sauti ya jirani.

Nitajuaje kama onyesho limefaulu?

Nina njia mbili. Ya kwanza, futa kila neno la ukimya: kimya, nyamaza, bila kusema, hakujibu. Soma kilichobaki. Kama kimya bado kinasikika, umefika. Kama kimetoweka, basi kilikuwa kwenye maneno hayo tu.

Ya pili, msomee mtu kwa sauti, pamoja na kurasa za nyuma, kisha muulize: mama alitaka kusema nini? Usimsaidie. Nimewasomea watu kadhaa onyesho la Sada. Mmoja alisema, "Alitaka kumwambia mzee alimngoja." Mwingine, mwanamke anayeuza dagaa mwenyewe, alisema, "Alitaka kumwuliza kama amekula." Majibu mawili tofauti, yote ya mama yule yule. Kama kila mtu angenipa sentensi moja, neno kwa neno, ningejua nimeonyesha mno. Kama wangeniambia "sijui, amekasirika labda," ningerudi kwenye kurasa za nyuma kuona kama jioni zile za "Bado" zimesomeka.

Swali la mwisho: kwa nini "anua", na si "nisaidie" au "karibu"?

Nilijaribu "karibu". Ilikuwa jibu, na mama hakuwa tayari kujibu. "Nisaidie" ni neno la kumwomba mgeni. Anua ni amri ya kila siku, ambayo binti wa Kibirizi ameisikia tangu akiwa mdogo kila wingu lilipotokea ng'ambo, na hakuna anayeitoa kwa mtu asiye wa nyumbani. Mama hajaitikia shikamoo bado. Lakini Sada ameshaweka begi chini, na ameshika pembe zake mbili za turubai.